Ndizi ngapi? Kuandika video ya kuhesabu ambayo somo lake linabaki

*Shikamoo mtaalamu. Ninafundisha darasa la awali, watoto wangu wana miaka minne na mitano. Nimetunga wimbo wa video wa kuhesabu moja hadi kumi kwa wanyama: paka mmoja, mbuzi wawili, kuku watatu, hivyo hivyo hadi kumi. Kibwagizo ni "Tuhesabu pamoja, watoto, tufurahi", na tuni nimeichukua kwenye wimbo wa Kiingereza wa kuhesabu wanaoujua. Wanaupenda, wanaucheza, wanauimba mpaka nyumbani. Lakini nikiwapa vijiti au penseli wahesabu, wananiambia "mmoja, wawili", wengine wanaendelea tu na kibwagizo. Nimerudia sana kama nilivyoshauriwa. Nimekosea wapi, na niandikeje upya? Wimbo nimeuambatisha.*

Marahaba, mwalimu. Nimeusikiliza wimbo wako nikiwa na karatasi na kalamu, nikichora kijistari kila neno linapotajwa. "Watatu" limepata kijistari kimoja. Kibwagizo kimepata kumi, kwa kuwa kila ubeti unakirudia. Watoto wako basi hawajashindwa kujifunza. Wamejifunza sawasawa kile ulichokirudia, na ulichokirudia ni "Tuhesabu pamoja". Tena angalia kwa makini: namba pekee iliyomo ndani ya kibwagizo hicho ni "moja" iliyojificha ndani ya "pamoja", na pale haihesabu kitu chochote.

Waandishi wengi wa nyimbo za watoto huteleza hapo hapo. Somo huwekwa kwenye beti, na kibwagizo huachiwa furaha. Lakini mtoto wa miaka minne huwa hasikilizi beti. Hupumzika hadi kibwagizo kirudi, kisha huruka nacho. Kwa hiyo badiliko la kwanza, na kubwa kuliko yote nitakayoyataja, ni kuliingiza somo ndani ya kibwagizo chenyewe, yaani mstari unaorudi mara nyingi zaidi uwe ndio mstari wenye namba. Ukishafanya hivyo, beti hata hazihitajiki.

La pili ni wanyama wako. Ninajua kwa nini uliwachagua, watoto wanawapenda. Ila wanyama kwa Kiswahili huchukua upatanisho wa viumbe hai, ndiyo maana tunasema paka mmoja, mbuzi wawili, kuku watatu. Mtoto wako hasikii "mbili" hata mara moja katika wimbo mzima. Anasikia "wawili". Akishika penseli mbili akasema "wawili", anakurudishia kwa uaminifu neno ulilompa. Laiti ungechanganya vitu, mti mmoja, vikombe viwili, maembe matatu, ingekuwa kazi zaidi, maana namba ingebadilisha sura kila ubeti, na mtoto asingejua kwamba "viwili", "mawili" na "wawili" ni ndugu wa "mbili".

Kiswahili kina ngeli moja inayotuokoa hapa, ngeli ya i-zi. Ndani yake nomino haibadiliki kwa wingi, na namba hubaki vile vile tunavyozitaja tunapohesabu bila kitu: ndizi moja, ndizi mbili, ndizi tatu, ndizi nne, ndizi tano. Kinachobadilika kutoka mstari hadi mstari ni namba peke yake, na hicho ndicho unachotaka mtoto akisikie. Chupa, karatasi, penseli, kalamu na nguo zinafaa vile vile. Mimi hupendelea ndizi kwa sababu kila mtoto anaijua na ni rahisi kuichora, ila chora ndizi moja moja, usichore chana. Mtoto akiona chana huku sauti ikisema "ndizi moja", atakuwa na haki ya kudhani chana zima ndilo moja.

Sasa tuje kwenye mdundo, ambako nitakaa kidogo. Neno la Kiswahili hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema ki-KA-pu, wa-TO-to, tu-he-SA-bu. Ukiongeza kiambishi mwishoni, mkazo nao unahama: ki-KA-pu, lakini ki-ka-PU-ni. Masikio ya mtoto yameyajua haya tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Tuni ikiangusha pigo zito kwenye silabi isiyo na mkazo, neno linapinda, na mtoto anaimba sauti ambazo hazifanani na neno analolijua. Kwenye wimbo wako pigo zito limeangukia TU-hesabu na WA-toto. Imba polepole utaisikia.

Sababu ni ile tuni ya kuazima. Kuanzia moja hadi kumi kwa Kiingereza, namba zote ni za silabi moja isipokuwa saba, kwa hiyo tuni zao hutenga noti moja kwa kila namba. Zetu sivyo. Zitaje kwa sauti: MO-ja, MBI-li, TA-tu, N-ne, TA-no, SI-ta, SA-ba, NA-ne, TI-sa, KU-mi. Kila moja ina silabi mbili, na kila moja ina mkazo kwenye silabi ya kwanza. Zote kumi, bila hata moja kukaidi. Ni mdundo wa ngoma uliokwisha kutengenezwa, nzito-nyepesi, nzito-nyepesi, na hauhitaji kuazima tuni popote. Ukizitaja huku ukipiga makofi, kofi moja kwa kila namba, tayari una nusu ya wimbo.

Namba moja inahitaji uangalizi, nayo ni nne. Kwa macho inaonekana kama silabi moja, lakini ni mbili, N-ne, na mkazo uko kwenye ile N ya mwanzo, inayotamkwa peke yake kama mtu anayeguna. Waimbaji wengi huimeza wakaimba "ne" tu, pigo likabaki na pengo, na watoto wakajaza pengo kwa kusema "ine". Mwambie mwimbaji aishike N kwa nusu ya pigo kabla ya kuachia "ne". Ikiwezekana iimbwe mdomo ukionekana kwenye picha.

Na "ndizi" nayo? NDI-zi, silabi mbili, mkazo mwanzoni. "Ngapi" vile vile. Kwa hiyo unaweza kuandika skripti nzima kwa maneno yenye umbo hilo hilo, kila neno likachukua pigo moja na kila mstari mapigo manne. Hii hapa raundi moja, ile ya ndizi mbili:

Asha, weka ndizi hapa.
Ndizi ngapi, ndizi ngapi?
Moja, mbili, (kofi, kofi)
Ndizi mbili, ndizi mbili!
(kimya, mapigo manne)

Isome kwa makofi kabla ya kuitia tuni. Kila kofi linaangukia mwanzo wa neno, na hakuna silabi inayosukumwa. Hata jina Asha limechaguliwa kwa sababu hiyo. Rehema ni jina zuri, lakini ni re-HE-ma, linaanza na silabi nyepesi na litakuharibia mstari. Juma, Baraka? Juma anafaa, Baraka hafai.

Mstari wa kwanza nilipata kuukosea mara mbili, na nadhani makosa hayo yatakufaa. Mara ya kwanza niliandika "Bibi, weka ndizi moja". Mzazi mmoja akaniambia kwa upole kwamba mtoto hamwagizi bibi yake "weka", na alisema kweli, kwa hiyo sasa mwagizwaji ni mtoto mwenzao. Kosa la pili lilikuwa zito zaidi, nalo sikuliona hadi nilipokaa na watoto. Neno "moja" lilikuwa kwenye mstari wa kwanza wa kila raundi. Tukifika kwenye ndizi tatu, naimba "weka ndizi moja", kisha nauliza "ndizi ngapi?", na darasa zima linajibu "Moja!" Walikuwa wamesikia "ndizi moja" mara nyingi kuliko jibu lolote lingine, na ilikuwa imetoka kusemwa sekunde mbili tu zilizopita. Tangu hapo nina kanuni ya kuikagua kila skripti: jibu la raundi moja lisionekane ndani ya mstari unaorudi kila raundi. "Hapa" halimpotoshi mtu.

Raundi ni tano, ndizi moja hadi ndizi tano, na mistari yote inabaki vile vile neno kwa neno. Kinachobadilika ni namba tu. Utashawishika kubadilisha, raundi ya tatu umlete Juma, ya nne ulete maembe ili "wasichoke". Usifanye hivyo. Mtoto huligundua somo kwa kulinganisha raundi na raundi, na vitu vitatu vikibadilika kwa mpigo hajui ni kipi cha kukitazama. Anayechoka ni sisi watu wazima. Yeye akishaujua mstari ndipo anapoanza kufurahi, kwa sababu sasa anajua kinachokuja.

Raundi ya tano ina jambo lake. Mstari wa kuhesabu una mapigo manne, na ndizi ni tano. Usizibane. Acha "Moja, mbili, tatu, nne" zijaze mstari, kisha "Tano!" ianze mstari mpya peke yake kwenye pigo la kwanza, ifuatiwe na makofi matatu. Pale ndipo watoto huruka. Namba iliyokuwa ikisubiriwa imeangukia pahali penye nguvu kuliko pote.

Utaniuliza mbona naishia tano wakati wewe ulitaka kumi. Jaribu kuzitaja haraka: tatu na tano zinaanza kwa sauti moja, nne na nane zinakaribiana, na sita na tisa zinafanana kwa sikio (si-ta, ti-sa), halafu zinafanana kwa jicho pia, 6 na 9. Ndani ya tano kuna mtego mmoja, wa tatu na tano, nao unautegua kwa kuhakikisha mwimbaji anamaliza "-tu" na "-no" kwa uwazi bila kuzimeza. Ukienda hadi kumi, mitego yote inakuja siku moja. Fanya video ya pili ya sita hadi kumi baadaye, kwa mistari hii hii.

Sasa kile kimya. Nimekiandika ndani ya skripti kama mstari kamili, wenye mapigo manne, kwa sababu kisipoandikwa, mhariri wa video atakijaza. Ataweka kicheko, kengele au nyota zinazoruka. Kimya hicho ni mali ya mtoto. Fikiria hadithi za nyumbani: msimulizi akisema "Paukwa!" hunyamaza, na hapo hapo watoto wote hujibu "Pakawa!" Akisema "Kitendawili!" anangoja "Tega!" Angejijibu mwenyewe, watoto wangekaa wakitazama tu. Video nyingi za kufundisha hujiuliza na kujijibu kwa pumzi moja.

Kuna kisa cha Marekani kinachoeleza vizuri kinachotokea ndani ya kimya. Kipindi cha Sesame Street kilipokuwa kinaanza, mwaka 1969, walimrekodi mwigizaji James Earl Jones akitaja alfabeti. Herufi ilitokea kwenye skrini, akakaa kimya kitambo, kisha akaitaja kwa ile sauti yake nzito. Watafiti wa kipindi walipowatazama watoto, waliona hatua tatu. Mara za mwanzo watoto waliitaja herufi baada yake. Walipokwisha kuirudia kuitazama, waliitaja mara tu ilipotokea, kabla yeye hajafungua kinywa. Na baadaye zaidi walitaja herufi inayofuata kabla hata haijatokea. Video ilikuwa ile ile, kimya kile kile. Kilichosogea mbele ni jibu la mtoto.

Hatua hizo unaweza kuzijenga ndani ya video moja kwa kuhamisha kimya tu. Raundi zote tano ziimbwe mara tatu, tuziite mizunguko. Mzunguko wa kwanza uwe kama nilivyouandika juu, kimya kikiwa mwisho, mtoto anarudia baada ya sauti. Mzunguko wa pili, kimya kipande juu na kukaa kabla ya jibu:

Asha, weka ndizi hapa.
Ndizi ngapi, ndizi ngapi?
Moja, mbili, (kofi, kofi)
(kimya, mapigo manne)
Ndizi mbili, ndizi mbili!

Hapa mtoto anajibu kwanza, sauti inakuja kumthibitishia. Mzunguko wa tatu, hata mstari wa kuhesabu unanyamaza. Ngoma inapiga, ndizi zinang'aa moja baada ya nyingine kwenye kila pigo, na mtoto ndiye anayehesabu:

Asha, weka ndizi hapa.
Ndizi ngapi, ndizi ngapi?
(ngoma tu, ndizi zinang'aa moja moja)
(kimya, mapigo manne)
Ndizi mbili, ndizi mbili!

Katika mizunguko hiyo mitatu sauti inataja "tatu" mara 12, na mtoto anapewa nafasi ya kuitaja mwenyewe mara 9. Linganisha na kile kijistari kimoja cha mwanzo.

Kasi nakushauri iwe mapigo 100 kwa dakika. Pigo moja linachukua sekunde 0.6, mstari sekunde 2.4, na muda huo unamtosha mtoto wa miaka minne kusema "ndizi mbili, ndizi mbili" bila kukimbizwa. Mzunguko mmoja unakuwa mapigo 104, kwa maana ya mistari mitano mara raundi tano, pamoja na ule mstari wa ziada wa "Tano!". Hiyo ni dakika moja na sekunde mbili hivi, na mizunguko yote mitatu ni kama dakika tatu na sekunde saba. Ongeza sekunde chache za Asha kusalimia mwanzoni, basi.

Kasi hiyo ina faida nyingine kwa anayehariri. Kama video ni ya fremu 25 kwa sekunde, pigo moja ni fremu 15 kamili. Kama ni ya fremu 30, ni fremu 18 kamili. Huna desimali, kwa hiyo unaweza kuhesabu fremu na kuiweka kila ndizi iguse mkeka sawasawa na silabi yenye mkazo, kwenye MO ya "moja", TA ya "tatu". Ndizi ikitua fremu kadhaa baada ya neno kuisha, mtoto anasikia namba akiwa anatazama mahali patupu. Kosa hili halionekani kwa urahisi ukiwa umechoka usiku na kompyuta. Njia ya kulinasa ni kuitazama video kwa nusu ya kasi na kuangalia kama ndizi na silabi vinagusana.

Nimesema mkeka kwa makusudi. Usitumie kikapu. Ndizi ikiingia kikapuni haionekani tena, na mtoto anabaki kuhesabu kwa kumbukumbu. Ziweke kwenye mkeka, kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, zikiwa na nafasi kati yake, na zisihame kutoka raundi hadi raundi. Tarakimu 1, 2, 3 ije juu ya mkeka wakati wa mstari wa jibu, baada ya kuhesabu, kila mara pahali pale pale. Ikija mapema, mtoto anayezijua tarakimu atasoma jibu badala ya kuhesabu. Wakati wa kimya, Asha amtazame mtoto moja kwa moja na kuweka mkono sikioni, bila kutikisika na bila kitu kingine kusogea kwenye skrini.

Tuni iwe fupi, noti nne au tano tu, na swali "ndizi ngapi" lipande kidogo kama tunavyouliza, jibu lishuke. Ala ziwe ngoma na makofi, na ngoma ipunguzwe kila sauti inapoimba. Vina usihangaike navyo. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, mistari inaitikiana bila nguvu, na mara nyingi kutafuta kina ndiko kunakomwingiza mwandishi kwenye neno ambalo mtoto halijui.

Ikishakamilika, waonyeshe video ile ile kila siku kwa siku tano mfululizo, mara moja au mbili kwa siku. Kipindi kingine cha Marekani, Blue's Clues, kilichoanza 1996, kilirushwa kwa mtindo huo, sehemu moja ikirudiwa siku tano za juma, na watafiti waliona watoto wakielewa zaidi na kuijibu skrini kwa sauti zaidi kadiri siku zilivyosonga. Utayaona hayo darasani kwako. Siku ya kwanza wanatazama, wachache wanajibu. Wakati wa kuingiwa na wasiwasi ni siku ya nne, kama bado wanangoja sauti kwenye mzunguko wa pili. Hapo kimya chako ni kifupi mno kwao. Kiongeze kiwe mapigo manane kabla hujabadilisha kitu kingine.

Mwisho wa juma utahitaji kujua kama wimbo umekuwa hesabu au umebaki wimbo, na kuimba kwao hakutakuambia. Anza na jaribio jepesi: icheze video bila sauti. Mtoto aliyekariri tuni tu hukosa pa kuanzia, au huanza kuimba asipokoma kwenye ndizi ya mwisho, "moja, mbili, tatu, nne, tano" hata kama mkekani kuna tatu. Mtoto anayehesabu hukoma pale ndizi zinapokoma.

Jaribio la pili ndilo la uhakika. Mkalishe mtoto mmoja mmoja, weka ndizi sita au penseli sita mbele yake, mwambie, "Nipe tatu." Usimwambie ahesabu. Wengine watakupa moja sahihi, mbili sahihi, na ukiomba tatu watachota konzi nzima. Usihuzunike, huyo ameelewa hadi mbili, na zaidi ya hapo namba ni maneno ya kuimba tu kwake bado. Kutoka kuelewa mbili hadi kuelewa tatu watoto huchukua miezi, si siku, na hakuna video inayoruka hatua hiyo. Lingine la kuangalia: akishahesabu penseli tatu, muulize, "Ziko ngapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajaona kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi ya zote. Mstari wa "Ndizi tatu, ndizi tatu" unaofuata baada ya kuhesabu upo kwa ajili yake, na mwalimu anaweza kuusema vile vile mezani, "moja, mbili, tatu, penseli tatu", akizungusha kidole kuzizunguka zote.

Hutaniona nimetumia vijiti kwenye majaribio. Kijiti kinataka "vijiti vitatu", na hilo ni somo jingine, la namba zinazovaa kiambishi. Liache hadi watoto wengi waweze kukupa penseli tano bila kukosea. Ukifika huko, wanyama wako uliowapenda watarudi, safari hii kwa kazi yao halisi, kufundisha mmoja na wawili kwa mtoto anayejua tayari moja na mbili. Ila utahitaji tuni mpya. "Vijiti vitatu" ni vi-JI-ti vi-TA-tu, silabi tatu kwa kila neno na mkazo katikati, kwa hiyo mstari lazima uanze na silabi moja nyepesi kabla ya pigo. Ukilazimisha kwenye tuni ya ndizi, utarudi kuimba VI-jiti, na masikio ya watoto yatajua. Wala namba hazivai kwa usawa: tano huwa watano, nane huwa wanane, lakini sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki kabisa, tunasema mbuzi sita, vijiti saba. Skripti hiyo ya viambishi nayo iishie tano.